Nyota tatu hazimwambii muuza vitabu kitu

*"Mwalimu, tangu Januari mwaka jana nina daftari la vitabu. Nimeshaandika 18, kila kimoja na nyota zake na neno moja au mawili: 'kizuri sana', 'kinachosha', 'sawa tu'. Nilidhani litanisaidia nikienda kununua vitabu mjini, lakini nikimwambia muuzaji napenda riwaya za upelelezi ananipa kitu kinachonishinda hata kufika nusu. Wenzangu wa chama cha kusoma nao hivyo hivyo. Daftari langu lina kasoro gani?"* — Msomaji, Umoja

Dada wa Umoja, kasoro ni moja: daftari limejaa hukumu, ushahidi haumo. "Kinachosha" ni hukumu. Muuzaji hawezi kuifanyia kazi, na hata wewe ukiirudia baada ya miezi sita haitakuambia kitu, maana vitabu havichoshi kwa njia moja. Kuna kinachochosha kwa kuchelewa kuanza. Kuna kinachochosha kwa sababu sura ya kwanza imeleta watu kumi na wanne, nusu yao majina yanaanza na M. Na kuna kile ulichokifungua saa tano usiku, vyombo havijaoshwa, macho yanafumba yenyewe. Hicho huenda hakina kosa lolote. Ukiviandika vyote "kinachosha", umetia samaki, maembe na sabuni kwenye kapu moja.

Nimekaa nyuma ya meza ya maktaba hapa Nairobi miaka kumi na tisa, na swali la "unapenda vitabu vya aina gani?" niliacha kuliuliza mapema sana. Watu hulijibu kwa jina la rafu: upelelezi, mapenzi, historia, vya dini. Rafu ni mahali kitabu kinapowekwa. Siku hizi nasema, "Hebu nihadithie kimoja ulichokipenda," halafu nanyamaza. La kwanza linalomtoka mtu ndilo ninalolisikiliza. Akianza na "Kuna huyu mama mkwe, loh, wacha!" najua ameingilia mlango wa wahusika. Akisema hakulala mpaka ajue nani aliyeua, ameingilia kisa. Mwingine atasema alijisikia kama yuko Lamu, anasikia punda na adhana. Huyo ni mlango wa mahali. Na wapo wachache ambao huitafuta sentensi kwenye simu, kwa sababu waliipiga picha, wakusomee. Hao ni watu wa lugha.

Milango hiyo minne si yangu. Imeenezwa na Nancy Pearl, mkutubi wa Seattle kule Marekani. Wakutubi wengine wawili, Joyce Saricks na Nancy Brown, waliofanya kazi katika maktaba ya mji wa Downers Grove, jimbo la Illinois, walikuwa wameshaonyesha mwaka 1989 kwamba kinachomfunga msomaji na kitabu mara nyingi si mada bali namna kitabu kinavyokwenda: mwendo wake, watu wake, msuko wa kisa chake. Kwa daftari lako mimi ningechukua milango minne nikaongeza mwendo, basi. Zaidi ya hapo utakuwa unajaza fomu ya serikali.

Ndiyo maana "napenda upelelezi" kumekuponza. Kwenye rafu moja ya upelelezi kuna kitabu ambacho maiti inaonekana ukurasa wa pili na watu wanafukuzana mpaka mwisho, na kuna kingine ambacho maiti ni kisingizio tu cha mwandishi kukuonyesha mtaa, ndoa iliyooza na mpelelezi anayekunywa chai peke yake. Vyote ni vya upelelezi. Anayekipenda kimoja anaweza kukichukia kingine kwa moyo safi.

Hata jina la mwandishi hudanganya. Chukua Kezilahabi. Rosa Mistika ya 1971 inamfuata msichana mmoja kutoka nyumbani kwa baba mkali hadi masaibu yake, tukio baada ya tukio, unajua uko wapi na nani anasema. Nagona ya 1990 na Mzingile ya 1991 ni ulimwengu mwingine: fumbo, ndoto, njia zinazojizunguka, na kisa ambacho hakikubali kushikwa mkono. Aliyesoma ya kwanza akaandika "nampenda Kezilahabi", kisha akapewa Nagona, atadhani jalada limekosewa. Lakini kama angeandika "nilimfuata Rosa mwenyewe, na matukio yanakwenda moja kwa moja", yeyote anayezijua riwaya hizi angemzuia kabla hajatoa pesa.

Sasa tuone ingizo lenyewe. Hili ni la mtindo wako:

*Riwaya ya upelelezi. Nyota 2. Inachosha.*

Na hili ni la kitabu hicho hicho, likiandikwa kama ushahidi:

*Nilikisoma kwenye matatu asubuhi, wiki mbili, dakika kama 25 kila mara. Mpelelezi nilimpenda kuanzia uk. 9, pale anapokataa kiti ili mzee akae. Lakini kila sura inasemwa na mtu mwingine. Nikishuka stegi na kukirudia kesho yake, sijui ni nani anayeongea. Uk. 60 nilirudi nyuma mara tatu. Niliacha uk. 112. Si kibaya.*

Dakika nne za kuandika, si zaidi. Angalia kilichomo: hali ya kusoma, kitu kimoja kilichovuta pamoja na ukurasa wake, kitu kimoja kilichofukuza pamoja na ukurasa wake, na mahali ulipoachia. Ukurasa ninaung'ang'ania kwa sababu unakulazimisha kuonyesha kidole. Ukishindwa kupata ukurasa wa jambo unalolalamikia, aghalabu jambo hilo silo lililokuudhi.

Neno la mwisho kwenye ingizo nalo lina kazi. Mimi natumia matatu tu: "kibaya", "si changu" na "si sasa". Kibaya ni kile ambacho kazi yenyewe ni mbovu, kisa kimejichanganya, mhusika aliyekufa sura ya tano anapika ugali sura ya nane. Si changu ni kitabu kizuri cha mtu mwingine. Si sasa ni kile ulichokisoma ukiwa na msiba, mtihani au mtoto mgonjwa. Muuzaji anahitaji kujua vile visivyo vyako. Vibaya havimsaidii, kwa sababu hakuna anayependa vibaya, na vya "si sasa" havimhusu kabisa.

Hapo hapo niseme: vitabu vya lazima vya shuleni usiviingize. Riwaya uliyosoma ukitafuta tamathali za usemi na sifa sita za mhusika ili ufaulu mtihani hukuisoma kwa hamu yako, na chuki uliyonayo ni ya maswali ya insha. Nimeona watu wazima wakikwepa Kiswahili chote kwa ajili ya kitabu kimoja cha kidato cha tatu.

Lini uandike? Mara mbili. Mara ya kwanza ukifika ukurasa wa 50, mistari miwili tu. Mara ya pili ndani ya siku moja baada ya kumaliza au kuacha, na kabla hujasoma maoni ya wengine au kukaa na chama chako. Sababu ya ule wa 50 ni kwamba mwisho wa kitabu hupaka rangi kumbukumbu yote. Mwisho mtamu hukusahaulisha kurasa mia za kuburura miguu, kisha unamwambia muuzaji akupe "kingine kama kile" naye anakupa kurasa mia nyingine za kuburura miguu. Ukurasa wa 50 pia ndio kizingiti cha Nancy Pearl cha kuamua kuacha, na amewapa wakubwa nafuu: ukipita miaka 50, toa umri wako kwenye 100, kinachobaki ndizo kurasa unazodaiwa. Mama wa miaka 64 anadaiwa 36 tu. Wazee wa pale maktabani walilipenda hilo kuliko huduma nyingine yoyote niliyowahi kuwapa.

Sasa, daftari la ushahidi peke yake halisemi. Lazima lisomwe kwa kukata katikati, na hapa ndipo wengi hukosea. Nikueleze jinsi nilivyolisoma la dada mmoja wa Rongai, mfanyakazi wa benki, ambaye alinipa ruhusa alimradi jina lake lisitajwe.

Alikuwa na vitabu 14. Alivyopenda sita, alivyomaliza bila kupenda vitano, alivyoacha vitatu. Alikuja na maelezo yake tayari: hapendi vitabu virefu, hapendi vya kihistoria, anapenda upelelezi. Nikamwambia tuweke sita upande mmoja wa meza na vinane upande wa pili, halafu kila sababu anayoitaja tuitafute pande zote mbili. Kanuni ni hiyo tu: jambo linaloonekana pande zote mbili silo.

Urefu ulianguka kwanza. Kitabu kirefu kuliko vyote, kurasa 480, kilikuwa upande wa vipenzi. Historia ikafuata, kwa sababu viwili kati ya vile sita vilikuwa vya zama za zamani. Upelelezi nao ulikuwa umegawanyika, viwili huku na viwili kule. Akaanza kukasirika kidogo. Hakuna anayefurahi kuambiwa hajijui.

Tukarudi kwenye maandishi. Upande wa vinane, maneno "nilirudi nyuma", "nimesahau huyu ni nani" na "nimepotea" yalitokea kwenye saba. Vyote saba vilibadilisha msimulizi au kuruka miaka kila sura. Upande wa vipenzi, vyote sita vilikuwa na mtu mmoja wa kumfuata tangu mwanzo hadi mwisho. Hata kile cha kurasa 480. Na kila ingizo la vile saba lilianza na hali ile ile: matatu, asubuhi, nusu saa, simu inalia. Kumbe kilichomsumbua ni kusoma kwa vipande. Kitabu chenye mtu mmoja wa kumfuata kinavumilia kukatwakatwa; chenye wasimulizi watano kinadai meza na saa mbili.

Cha nane kilikataa kuingia. Msimulizi ni mmoja, mwenye mizaha, kisa kinakwenda, lakini hakukipenda. Ingizo lilionyesha alikisoma juma la mazishi ya shangazi yake, kwa hiyo tukakiandika "si sasa". Baada ya miezi minne alikijaribu tena akafika uk. 70, akakirudisha, hakupenda bado, na sababu hatuijui mpaka leo. Kimebaki hivyo hivyo daftarini na alama ya kuuliza pembeni. Ukilazimisha kila kitabu kikubaliane na nadharia yako, daftari linaanza kukusifu badala ya kukufunza.

Kutokana na hayo aliandika ombi la sentensi tatu kwenye karatasi ya kukunja, akaenda nalo kwa wauzaji wa vitabu vya mtumba mjini, wale wanaotandika kando ya barabara, mahali ambapo watu hupaita "inama" kwa sababu usipoinama huoni kitu. Liliandikwa hivi: *Nataka riwaya yenye mtu mmoja wa kumfuata mwanzo hadi mwisho, hata ikiwa ndefu. Zama na aina yoyote, lakini matukio yafuatane, yasiruke mbele na nyuma. Cha mwisho nilichoacha kilikuwa na wasimulizi watano.*

Sentensi ya tatu ndiyo iliyomwamsha muuzaji. Alicheka, akasema, "Basi hiki niondoe," akatoa kitabu ambacho alikuwa tayari amekishika. Dada alinunua vitatu. Viwili akavipenda. Cha tatu kilikuwa na msimulizi mmoja sawasawa, ila kwa kurasa thelathini huyo bwana amekaa chumbani akiwaza. Akaongeza neno moja kwenye ombi lake: awe mtu *anayetenda*. Ndivyo ombi linavyonolewa, kwa kitabu kilichokosea karibu na shabaha. Vilivyokosea mbali sana havifundishi hivyo.

Ukiwa umeinama pale pale, kuna jaribio la sekunde kumi ambalo mkutubi yeyote hulifanya. Kifungue katikati, usisome, tazama weupe wa karatasi. Kurasa zenye weupe mwingi zina mazungumzo, mistari ni mifupi, na mara nyingi mwendo ni wa haraka. Kurasa zilizojaa wino kutoka pembe hadi pembe zina maelezo na mawazo. Kisha angalia mwanzo wa sura tatu tofauti uone kama ni mtu yule yule anayesema. Jalada na maneno ya sifa nyuma yake viache. Hayo yameandikwa ili kitabu kiuzwe kwa watu wote, pamoja na wale wasiokihitaji. Na kama mfuko hauruhusu kukosea, kurasa 50 za mwanzo zisome kwenye meza ya maktaba: McMillan pale katikati ya jiji, iliyofunguliwa 1931, au matawi yake ya Makadara na Kaloleni, ambayo kwako wewe wa Umoja ni karibu zaidi. Nimegundua kwamba mtu akikilipia kitabu hujilazimisha kukimaliza, halafu anakiandika vibaya kwa hasira ya pesa. Kitabu ambacho hukukilipia hukiacha kwa amani na kukiandika kwa haki.

Kuhusu chama chako, ongeza safu moja nyembamba pembeni mwa ukurasa: nani alinipendekezea. Vikifika vitabu vinne au vitano kwa mtu mmoja, utaanza kuona. Kuna mwenzako ambaye kila anachokisifu unakiacha. Huyo usimdharau, ni dira inayoelekeza kusini, nayo bado ni dira. Ninaye rafiki wa hivyo. Akinipigia simu kuniambia kitabu fulani kinachosha ajabu, hakuna kinachotokea, watu wanazungumza tu jikoni, mimi natafuta kalamu niandike jina.

Programu za simu zinazopendekeza vitabu hazina siri kubwa hapa. Kwa sehemu kubwa zinaangalia waliotoa nyota kama zako walisoma nini kingine. Nyota zinazipokea, sababu yako hazina mahali pa kuipokea. Zitumie kupata majina, kisha upime majina hayo kwa ombi lako.

Tahadhari moja kuhusu idadi. Vitabu 18 ni vichache. Jambo likijitokeza kwenye viwili ni bahati tu, usiliweke kwenye ombi. Likijitokeza kwenye vinne au zaidi unavyovipenda na likakosekana kwa vingi vya upande wa pili, lichukue, kwa muda. Na kila kitabu cha tano kiwe nje ya ombi kabisa, ulichokiokota bila sababu, vinginevyo baada ya mwaka utakuwa unasoma kitabu kimoja chenye majalada tofauti. Kabla ya kukianza hicho cha tano andika utabiri, kwa mfano "nitaacha kabla ya uk. 80, lugha itanishinda." Ukitabiri vibaya mara mbili au tatu kwa sababu ile ile, ombi lako limezeeka.

Vile 18 vya zamani usivirudie vyote. Pitia orodha na kila jina ujiulize kama unakumbuka tukio moja, au mtu mmoja, au mahali uliposoma. Ukikumbuka, andika hilo leo chini ya zile nyota. Ukikaa dakika nzima hukumbuki kitu, kipigie mstari, hata kama ulikipa nyota tano. Nadhani utabaki na saba au nane, na wiki ijayo unaweza kuvitandika mezani, vya kupenda huku na vya kuacha kule. Anza na hicho kilichokushinda nusu, cha muuzaji. Uliachia ukurasa wa ngapi?